Usukani Shingo Upande

Jamani, mtu unatoa hela yako ya alaimenti, skrini ya mashine kijani tupu, fundi anakukabidhi funguo: "Bosi, gari mkuki hilo!" Unaingia barabarani, kweli linanyooka, ila usukani umeinama kulia kama unasikiliza umbea wa abiria. Ukirudi unaambiwa, "Utauzoea tu." Niuzoee, nimeuoa?

Mashine haikudanganya. Inapima matairi, usukani haiuoni. Kabla ya kugusa spana, fundi alitakiwa awashe injini, auyumbishe usukani kidogo, aunyooshe, kisha aufunge kwa ile fimbo inayobanwa kwenye kiti. Asipofanya hivyo, au akirekebisha tairodi, ile fimbo inayosukuma tairi lipinde, ya upande mmoja tu, matairi yatakaa sawa na usukani utakaa unavyotaka wenyewe.

Halafu yupo bingwa wa njia ya mkato: anang'oa usukani, anausogeza meno mawili, anaurudisha. Umenyooka, eti! Lakini reki, ile fimbo ya meno inayosukuma tairodi zote mbili, haiko katikati, kwa hiyo gari linakata kona vizuri upande mmoja kuliko mwingine, na indiketa inajizima kabla au baada ya wakati wake. Kwenye gari lenye eabegi, ule waya uliojikunja nyuma ya usukani unaweza kukatika.

Dawa iko chini, kwenye tairodi. Kwanza zungusha usukani kutoka kikomo hadi kikomo, uhesabu. Ikiwa ni mizunguko 3, katikati ni mmoja na nusu, na hapo usukani uwe umenyooka. Haujanyooka hapo? Basi kuna mtu aliwahi kuuhamisha, anza kwa kuurudisha.

Sasa huo wetu ulioinama kulia. Maana yake ukiunyoosha, matairi yanaelekea kushoto. Kwenye gari ambalo reki iko nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele, refusha tairodi ya kushoto na fupisha ya kulia kwa kiasi kilekile. Reki ikiwa mbele, geuza maagizo. Ukifanya upande mmoja tu, umeharibu alaimenti uliyoilipia.

Kiasi gani? Uwiano wa usukani na matairi ukiwa karibu 15 kwa 1, usukani uliopinda digrii 15 ni digrii 1 tu kwenye matairi. Kwa hiyo usizungushe kama unafunga bomba la maji. Weka alama ya chaki, legeza nati ya kufungia na klipu ya mpira wa reki usije ukajisokota, zungusha tairodi ya kila upande nusu mzunguko, pima tena, kaza.

Jaribio lifanyike barabara tambarare. Zetu zimeteremka pembeni ili maji yatoke, na gari likivutwa kushoto mkono unajibu kulia, halafu fundi wa watu anatukanwa bure.

Na kama usukani ulianza kuinama baada ya kubadilisha tairi tu, tairodi hazijaguswa, hamisha kwanza tairi za mbele, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto, mradi hazina mshale wa mwelekeo wa kuzunguka. Kuinama kukihamia upande wa pili, mwenye kesi ni tairi.