Mtumbwi Haugeuzwi Kama Chapati

Jiwe la Bismarck, lile la Ziwa Victoria, limeletewa tena mtumbwi ambao haujawahi kufika Mwanza. Safari hii ni tangazo la utalii linalozunguka kwenye magrupu: asubuhi tulivu, ziwa kama kioo, jiwe limesimama pale pale lilipo, na mbele yake mtumbwi wa tanga uliobandikwa. Ubandikaji wenyewe si mbaya. Kingo ni safi, mwanga unatoka upande mmoja na wa jiwe, rangi zimeelewana. Kisha unashusha macho majini, na kule chini unaona mabenchi ya mtumbwi, ndoo ya kuchotea maji na magoti ya abiria.

Hebu tulia hapo kidogo. Maji yako chini ya mtumbwi. Yameonaje magoti ya mtu aliyekaa ndani yake? Yamepenya mbao?

Kilichofanyika kwenye Photoshop kinajulikana: nakala ya tabaka la mtumbwi, `Edit > Transform > Flip Vertical`, ikasogezwa chini, `Opacity` ikawekwa 50, kazi ikatumwa kwa mteja. Ugomvi wangu wote ni hapo kwenye kugeuza. Uakisi si picha ile ile iliyopinduliwa. Ni picha ambayo kamera ingepiga kama ingekuwa chini ya usawa wa maji, kina sawa na kimo ilichopo juu yake, ikitazama juu. Mpiga picha aliyesimama ufukweni anatazama mtumbwi kutoka juu, kwa hiyo anaona ndani. Kamera ya chini inaona ubavu na sehemu ya chini ya omo, yaani pua ya mtumbwi, inayojitokeza mbele. Ndani haioni kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kugeuza chochote, ipasue nakala yako vipande: ubavu unaotazama kamera, halafu mlingoti na tanga, halafu watu. Sehemu yote ya ndani, yaani mabenchi, sakafu na upande wa ndani wa ubavu wa mbali, ifute. Inauma kufuta, najua, lakini haina kazi majini.

Sasa ubavu. Mtumbwi ukikaa mshazari, omo likija upande wako, mstari unapokutana na maji hauwi mlalo. Unashuka kuelekea omo. Tuseme mtumbwi una upana wa pikseli 1200 kwenye picha, tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, liko kushoto, na mstari wa maji unashuka pikseli 90 kutoka tezi hadi omo. Ukigeuza, mstari huo sasa unapanda pikseli 90. Ukiunganisha tezi kwa tezi, omo litaachana na uakisi wake na pembe tatu ya maji matupu itabaki katikati. Wengi wakiona hivyo huzungusha uakisi kwa `Rotate` mpaka mistari ikutane. Hapana! Ukizungusha, kila kitu kinahama kwenda pembeni, na uakisi wa kila nukta lazima ukae wima chini ya nukta yenyewe (mradi kamera haikulazwa sana). Kinachotakiwa ni `Skew`: shika kishikio cha katikati ya upande wa kulia, kivute chini moja kwa moja pikseli 180, yaani mara mbili ya 90. Tisini za kwanza zinafuta mpando ulioletwa na kugeuza, tisini za pili zinarudisha mshuko halisi. Mistari miwili italalana yenyewe. Kama tezi lina uso bapa unaoonekana, uso huo una mshuko wake, ukate na kuuvuta peke yake. Kama ubavu umepinda kama ndizi, malizia na `Warp`, lakini kwa mkono mwepesi.

Mlingoti ndio unaowaumbua hata mafundi wazuri. Hausimami kwenye ubavu wa karibu. Umesimama katikati ya mtumbwi, mbali zaidi na kamera. Nukta ya maji iliyo chini yake hasa imefichwa na ubavu, na kwenye picha iko juu kidogo ya mstari wa maji tunaouona, tuseme pikseli 25. Basi mlingoti unageuzwa kwenye mstari wake huo, si ule wa ubavu. Kama ncha iko pikseli 700 juu ya mstari wa ubavu, iko 675 juu ya mstari wake mwenyewe, na uakisi wake utaishia 675 chini ya huo wa kwake, ambazo ni 650 chini ya ubavu. Uakisi ni mfupi kwa pikseli 50. Usipozipunguza, mtu hatazihesabu, ila atahisi kuwa mlingoti wa majini umerefuka.

Hesabu hiyo hiyo inakuambia abiria aanzie wapi. Akiwa amekaa katikati, naye anarudi juu pikseli 50, hivyo ukingo wa ubavu unammeza pikseli 50 zaidi kuliko unavyommeza juu. Magoti kwaheri. Uweke ubavu juu ya tabaka la abiria, kazi itajifanya yenyewe.

Jengo ni kisa kile kile, ila kosa lake ni kubwa zaidi kwa sababu majengo hujengwa nyuma ya ufukwe. Mtu anabandika hoteli mlimani, anageuza, kisha anausukuma uakisi chini mpaka msingi uguse maji. Tumia mlango wa jengo lenyewe kama rula. Mlango ni kama mita 2; ukiwa na pikseli 60 kwenye picha, na msingi uko mita 2 juu ya usawa wa ziwa, basi mstari wa kugeuzia uko pikseli 60 chini ya msingi, hata kama hapo ni nchi kavu. Geuza hapo. Kama maji yanaanza pikseli 140 chini ya msingi, futa uakisi wote uliolala juu ya ardhi. Utakuta msingi wote na pikseli 20 za kwanza za ukuta hazionekani majini. Ndivyo inavyotakiwa, ufukwe umezificha. Usiushushe uakisi ili uonekane wote kwa kuwa mteja amelipia hoteli nzima.

Nakubali, shingo upande, kwamba jengo lililojengwa mpaka kwenye maji, likipigwa kwa mbele na kamera ikiwa chini, `Flip Vertical` peke yake inatosha. Mtumbwi wa mbali wenye pikseli 80 pia. Na kama picha asili ya mtumbwi wako ina uakisi wake halisi, na kimo cha kamera kinakaribiana, kwa nini uliutupa? Ukate pamoja nao.

Halafu rangi. Hiyo `Opacity` 50 ina tatizo moja: maji uliyonayo pale tayari yana uakisi wa mbingu ndani yake. Ukiupunguza uakisi wa mtumbwi, mbingu inapenya katikati ya ubao, na mtumbwi unakuwa mzimu. Ukweli wa majini ni kwamba mtumbwi umeizuia mbingu mahali pale. Maji hurudisha sehemu ya mwanga wa mtumbwi, kisha yanaongeza rangi yake yenyewe. Ndiyo maana vitu vyeupe vinafifia kwenye uakisi na vitu vyeusi vinapata rangi ya ziwa, havibaki vyeusi.

Na pale Mwanza una mtihani uliokwisha sahihishwa: jiwe lenyewe na uakisi wake. Chukua `Eyedropper`, iweke `5 by 5 Average`, fungua `Info`. Pima sehemu angavu ya jiwe, kisha sehemu hiyo hiyo majini. Pima ufa mweusi, kisha uakisi wake. Tuseme umepata 200 juu na 150 majini, na kwenye ufa 40 juu na 62 majini. Fungua `Curves` juu ya uakisi wa mtumbwi, weka nukta mbili: `Input` 200 `Output` 150, `Input` 40 `Output` 62. Kisha zivute ncha mbili za mstari zilale njia hiyo hiyo, `Input` 0 `Output` 40 na `Input` 255 `Output` 180, la sivyo nyeusi kabisa itabaki nyeusi na nyeupe kabisa nyeupe. Fanya hivyo kwa nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, maana kijani cha ziwa kitaingia kwenye giza kuliko kwenye mwanga. `Opacity` ibaki 100. Mtumbwi ukiwa karibu nawe sana kuliko jiwe, fifisha zaidi: ukitazama maji karibu na miguu yako unayatazama kwa wima, na hapo yanaakisi kidogo mno, ukiyatazama ya mbali kwa mlalo, yanaakisi kama kioo.

Viwimbi ni jambo la mwisho, na si la `Ripple` iliyokuja na programu. Viwimbi vyake ni saizi moja kila mahali, wakati vya ziwani vinakuwa vikubwa kadiri vinavyokukaribia. Nakili maji ya picha yenyewe, yatoe rangi, yape `Gaussian Blur` ya pikseli 2, yahifadhi kama PSD, kisha tumia `Filter > Distort > Displace`: mlalo 2, wima 8. Kabla ya hapo sogeza wastani wa ramani hiyo ufike 128. Kijivu cha 128 ndicho kisichosogeza kitu. Ramani ikiwa na wastani wa 90, uakisi wote utahama na pengo litatokea chini ya mtumbwi, nawe utaanza kumlaumu `Skew` aliyefanya kazi yake vizuri. Malizia na `Motion Blur` ya nyuzi 90, iliyofunikwa na maski ya mteremko: sifuri kwenye mstari wa maji, ikiongezeka kuelekea ncha ya mlingoti. Uakisi huwa mkali pale kitu kinapogusa maji, na huvurugika kadiri nukta inavyokuwa juu.

Neno moja kuhusu kivuli, kwa kuwa kwa Kiswahili tunaita vyote viwili kivuli. Cha jua kinafuata jua. Uakisi haulijui jua, unaanguka wima saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Kuulaza pembeni "kwa sababu jua liko kushoto" ni kuchanganya hivyo viwili, na hilo pia lipo kwenye tangazo hili, mbali na yale magoti.

Na kama upepo umeshavuma na jiwe lenyewe halina uakisi kwenye picha, mtumbwi usipewe. Paka rangi ya tanga kidogo kwenye maji, mburuzo wa wima usio na umbo, weka mstari mweusi wa pikseli 3 pale mbao zinapogusa maji, uhifadhi faili.