Riba ya benki kuu ikipanda: uongeze rejesho au urefushe mkopo?

"Benki kuu imepandisha riba, sasa benki yangu inasema nichague, ama rejesho la kila mwezi lipande au libaki lilivyo ila muda wa mkopo uongezeke. Lipi lina nafuu?"

Jibu linategemea sana uko wapi kwenye mkopo, mwanzoni au mwishoni, na hiki ndo kitu ambacho watu wengi hawaambiwi pale tawini.

Tuanze na jinsi riba inavyofika kwako. Mkopo wa riba inayobadilika una vipande viwili: kuna riba rejea, ambayo ama ni riba ya benki kuu yenyewe au riba ya soko ambayo benki zinakopeshana na inaifuata ile ya benki kuu kwa karibu, halafu juu yake kuna nyongeza ya benki yako ambayo mmeandikiana kwenye mkataba. Tuseme riba rejea ni asilimia 8 na nyongeza ni 4, unalipa 12. Benki kuu ikiongeza 2, rejea inakuwa 10, nyongeza inabaki 4 ileile, unalipa 14. Na haibadiliki siku ileile iliyotangazwa, inabadilika tarehe ya mapitio iliyo kwenye mkataba, inaweza kuwa kila mwezi, kila miezi mitatu, au mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo kuna mtu anasikia tangazo leo na rejesho lake halitaguswa kwa miezi mingi, akadhani amepona, kumbe tarehe yake haijafika tu.

Sasa hesabu. Chukua mkopo wa 1,000,000 (hela yoyote ile), miaka 15, asilimia 12. Rejesho ni kama 12,002 kwa mwezi. Umelipa miaka miwili bila kukosa, yaani umeshatoa takriban 288,000. Deni limebaki ngapi? 946,000. Ndiyo, katika hela yote ile ni 54,000 tu ndo imepunguza deni lenyewe, iliyobaki yote ilikuwa riba. Hakuna wizi hapo, mkopo mrefu unakuwa hivo miaka ya mwanzo, ila hapa ndipo tatizo la kurefusha linapozaliwa.

Riba inapanda kutoka 12 hadi 14. Ukikubali rejesho lipande ili umalize tarehe ileile, utalipa kama 13,198, yaani karibu 1,200 zaidi kila mwezi kwa miezi 156 iliyobaki. Inauma, ni asilimia 10 ya rejesho. Ukisema hapana, libaki 12,002, basi mwezi wa kwanza baada ya mabadiliko riba peke yake inakula 11,037 na kwenye deni inaingia 965 tu, wakati mwezi mmoja kabla ilikuwa inaingia zaidi ya 2,500. Deni linashuka kwa mwendo wa konokono, na badala ya miezi 156 unahitaji kama 217. Miaka mitano na zaidi imeongezeka. Ukijumlisha yote utakayolipa kuanzia hapo, njia ya kwanza ni kama 2,059,000 na ya pili ni kama 2,608,000. Tofauti ni karibu 550,000, zaidi ya nusu ya mkopo wenyewe, kwa sababu ya kukwepa 1,200 kwa mwezi.

Usiniamini mimi, fungua Excel au Google Sheets uweke namba zako mwenyewe (riba mpya, rejesho, miezi iliyobaki, deni lililobaki):

```
=NPER(14%/12, -12002, 946008)
=PMT(14%/12, 156, -946008)
```

Ya kwanza inakupa miezi utakayohitaji kama rejesho halibadiliki, ya pili inakupa rejesho jipya kama muda haubadiliki. Kama mstari wa kwanza unakurudishia kosa la namba badala ya jibu, hilo ndo jibu lenyewe: rejesho lako halitoshi hata kulipa riba, na deni litakuwa linakua kila mwezi huku unalipa. Kwenye mfano wetu mpaka wa kufika hapo uko kwenye asilimia 15.2 hivi. Riba ikifika 15 bado unamaliza, ila kwa miezi kama 340, miaka 28, ikifika 16 humalizi milele. Hii si nadharia. Kanada benki kuu ilitoa riba kwenye 0.25 mwanzoni mwa 2022 ikaifikisha 5 Julai 2023, na kule kuna mikopo mingi ya nyumba ambayo riba inabadilika lakini rejesho limefungwa, kwa hiyo watu kibao walijikuta wamevuka mpaka huo, na baadhi ya benki zikawa zinaongeza riba isiyolipika juu ya deni. Mtu analipa kila mwezi kwa uaminifu na anadaiwa zaidi kuliko mwezi uliopita.

Ukisoma mpaka hapa utaona kama kurefusha ni ujinga, na mimi sikubali hivyo. Anayerefusha ana hoja zake na zina uzito. Kwanza, kama hiyo 1,200 huna, huna, na kukosa marejesho mawili matatu kunaleta adhabu, rekodi mbaya kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na mwisho wa yote dhamana kuondoka, ambayo ni hasara kubwa kuliko hiyo 550,000 inayosambaa miaka 18. Pili, benki kuu hupandisha riba mara nyingi kwa sababu bei za vitu zinapanda, na kama kipato chako nacho kinapanda, hela utakayolipa mwaka wa 16 itakuwa nyepesi kuliko ya leo, kwa hiyo ile 550,000 kwa thamani ya leo ni ndogo kidogo kuliko inavyoonekana (kama kipato hakipandi, hoja hii haikuhusu kabisa). Tatu, riba hushuka pia. Hakuna anayejua lini, ila hesabu ya miezi 217 inadhani itakaa 14 moja kwa moja, na si lazima iwe hivyo.

Pia iko tofauti kubwa ya mwanzo na mwisho wa mkopo. Mkopo uleule, riba ileile inapanda kutoka 12 hadi 14, ila umebakiza miaka mitatu, deni ni kama 361,000. Ukiacha rejesho lilivyo unaongeza mwezi mmoja na siku kadhaa tu. Mwezi mmoja! Kwa mtu wa hapo sioni sababu ya kujibana, arefushe alale. Mwenye miaka 13 mbele yake ndo anayepaswa kuogopa, na kwa bahati mbaya ndiye mara nyingi mshahara bado haujatanuka, kwa hiyo anakimbilia kurefusha haraka.

Kwa huyo ninayempa ushauri nasema kuna njia ya katikati ambayo benki nyingi hazitaji mpaka uulize. Lipa nusu ya ongezeko. Kwenye mfano wetu badala ya 13,198 weka 12,600, yaani nyongeza ya 600 hivi. Ungetegemea nusu ya hela ikupunguzie nusu ya muda, lakini inafanya zaidi: miezi inakuwa kama 180, ongezeko la miezi 24 badala ya 61. Zile 600 za kwanza ndo zina nguvu kuliko zote kwa sababu zinaenda moja kwa moja kwenye deni wakati deni lilikuwa linapata 965 tu. Kwa hiyo hata kama huwezi kupandisha lote, pandisha unachoweza, na uombe kwa maandishi kwamba hela ya ziada ipunguze deni lenyewe, isiwekwe kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema. Halafu mwezi unaofuata cheki taarifa ya mkopo uone deni limeshuka kwa kiasi gani, maana mfumo ukiipokea vibaya hutajua mpaka mwaka umeisha.

Kuhamia riba isiyobadilika nako watu wanauliza sana pale riba inapopanda. Tatizo ni kwamba ukienda wakati huo benki nayo imeshaona kinachokuja, bei ya kufunga riba inakuwa juu tayari, na ukifunga juu halafu riba zikashuka, kutoka humo kuna gharama. Ina maana kwa mtu ambaye ongezeko lingine la 2 litamvunja kabisa, ananunua usingizi. Kwa mwenye nafasi ya kupumua mimi naona hela hiyo bora iende kwenye deni. Kuhamisha mkopo benki nyingine ni hesabu ileile: jumlisha ada za kutoka, za kuingia, na za kusajili dhamana upya, ndo ulinganishe na tofauti ya nyongeza, maana riba rejea itakufuata popote uendako.

Kabla hujasaini chochote kuna mambo ya kuangalia kwenye mkataba. Angalia kama nyongeza ya benki imefungwa kwa namba au imeandikwa "benki inaweza kubadilisha", kwa sababu kwenye maneno hayo ya pili benki inaweza kupanda na wewe haraka na kushuka taratibu, na huna pa kushika. Ukipata barua ya riba mpya toa riba rejea kwenye riba yako, kinachobaki lazima kiwe ile nyongeza uliyosaini. Kisipokuwa hivyo, andika uulize. Angalia pia kama kuna riba ya chini kabisa, kwamba hata rejea ikishuka vipi wewe hushuki chini ya namba fulani. Hispania benki nyingi ziliweka kipengele hicho kwenye mikopo ya nyumba bila kuwaeleza watu vizuri, na Desemba 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kwamba pale kipengele kilipoonekana si cha haki, warudishiwe hela yote waliyozidishiwa. Halafu umri: kama mkopo unatakiwa kuisha kabla ya kustaafu, uwezekano ni kwamba benki haiwezi kurefusha miezi 61 hata ukitaka, kwa hiyo chaguo lako la pili halipo, na ni bora ulijue mapema kuliko siku ya mapitio.

Riba ikianza kushuka ndo watu wanalala. Kwenye mfano wetu, ikishuka kutoka 12 hadi 10 rejesho linaweza kuwa 10,859, na benki nyingi zitakupunguzia hivyo zenyewe. Ila ukiomba libaki 12,002 unamaliza kwa miezi kama 129 badala ya 156 na unaokoa kama 147,000. Na yule aliyerefusha wakati riba imepanda aende aombe muda urudi ulipokuwa, maana mara nyingi rejesho ndo hushushwa na ile miezi ya ziada inabaki palepale mpaka mwenye mkopo aidai mwenyewe.