Chenji ya pipi na foleni ya asubuhi

Kuna duka Ngamiani, hapa Tanga, sitalitaja, limebandika karatasi kwenye nondo za dirisha: HAKUNA CHENJI, NJOO NA HELA KAMILI. Chini yake kwa herufi ndogo: Asante kwa kuelewa. Mie sijaelewa. Nimesimama pale saa 12 na nusu asubuhi, nyuma ya watu wasiopungua tisa, nikitaka boflo mbili za kulia mbaazi, na foleni haisogei. Mbele yangu mama mmoja kanyoosha noti ya 10,000 kwa kitu cha 1,300. Mwenye duka kaipokea, kaitazama kama vile kapewa barua ya mahakama, kisha katoka na malapa yake kwenda kuomba chenji duka la pili. Hakuna. Kavuka barabara kwenda kwa fundi cherehani. Sisi tumeachwa tunatazamana na paka.

Karudi akiwa na pungufu ya mia. Akamalizia kwa pipi mbili.

Basi leo naandika kwa ajili ya wenye maduka, maana sisi wateja tumeshasema mpaka tumechoka. Mnalalamika asubuhi watu wengi, mnazidiwa, kaka subiri, dada ngoja. Watu wengi gani? Watu 40 kwa saa moja ni dakika moja na nusu kwa kila mmoja. Kumpa mtu boflo na sukari robo hakufiki hapo. Ila ukitoka mara mbili kusaka chenji, kila safari dakika nne, umeshatupa dakika nane, sawa na wateja watano na ushee. Na wale waliobana sarafu kamili mkononi nao wamesimama wanalipia kosa la noti ya mwenzao.

Kama huamini kwamba tatizo ni chenji, fanya hivi kesho. Foleni ikisimama, jiulize mkono wako uko wapi. Ukiwa kwenye rafu, shida yako ni mpangilio. Ukiwa kwenye mizani, hukupima mapema. Ukiwa ndani ya droo unapekua, au hauko dukani kabisa, jibu unalo.

Sasa hiyo chenji inaandaliwaje? Wengi wanadhani kuandaa chenji ni kumwaga sarafu kwenye kopo la maziwa ya unga. Hapana. Asubuhi manunuzi yanafanana sana: boflo, maziwa, sukari robo, majani ya chai, vocha. Mengi yanaangukia kati ya 1,000 na 2,000. Tuchukue ile 1,300 ya mama. Akitoa 2,000 unamrudishia 700. Akitoa 5,000 unamrudishia 3,700. Akitoa 10,000 unamrudishia 8,700. Umeona? Ile 700, yaani sarafu ya 500 na ya 200, iko palepale. Kinachobadilika ni noti tu, na noti unaweza kuzifunga usiku.

Funga mafungu ya aina mbili. La kwanza la elfu nane: noti moja ya 5,000, moja ya 2,000, moja ya 1,000, zimefungwa mpira. Hilo ni la kumkabili mtu wa noti ya 10,000. La pili la elfu tatu: 2,000 na 1,000, la mtu wa noti ya 5,000. Ikija noti kubwa huhesabu upya, unachomoa fungu, unaongeza sarafu, umemaliza. Mteja kanunua cha 600 kwa noti ya 10,000? Fungu lilelile, ongeza noti ya 1,000 na sarafu za 400. Kanunua cha 2,600? Fungu lilelile, chomoa ile 1,000, ongeza 400. Na mpe mteja ahesabu mbele yako, noti yake ukiiweka juu ya kaunta mpaka amalize, usiitupe kwenye droo. Hapo hakuna wa kusema "nilikupa elfu kumi, si elfu tano", ugomvi ambao peke yake unakula dakika kumi na heshima ya mtaa mzima.

Mafungu mangapi? Usibahatishe. Wiki moja, kila noti ya 10,000 na ya 5,000 ikiingia wakati wa foleni, piga mstari kwenye kipande cha boksi. Tuseme umeona noti za 10,000 ni sita na za 5,000 ni kumi katika asubuhi iliyo mbaya kuliko zote. Mafungu sita ya elfu nane ni 48,000. Mafungu kumi ya elfu tatu ni 30,000. Sarafu: za 500 ziwe ishirini, za 200 thelathini, za 100 thelathini, za 50 ishirini, jumla 20,000. Yote kwa pamoja 98,000. Na sarafu za 500 usizidharau. Tangu zilipoingia mwaka 2014 watu wanazibania kwenye vibubu, na noti ya 500 ya kukuokoa siku hizi huna.

Najua mtakavyosema. Duka lenyewe la kuunga unga, 98,000 ya kulaza nitoe wapi? Haya, hapo mna hoja, nusu hoja. Kwa duka dogo, punguza mafungu yawe nusu, lakini sarafu usipunguze, maana ndizo zinazoleta pipi. Ila neno "kulaza" nalikataa. Hela hiyo hailali. Inatoka mafungu, inaingia noti kubwa za thamani ileile pamoja na faida ya boflo. Inayolala ni ile kreti ya soda uliyoijaza kona tangu Idi.

Sarafu zinatoka wapi, hilo nalo msiulize kama wageni wa Tanga. Muuza kahawa. Yule anayezunguka na birika na vikombe, kashata pembeni, mpaka baada ya Isha mfuko wake unalia kama kengele. Anachotaka ni noti za kwenda nazo nyumbani. Mama wa mbaazi na maandazi naye vivyo hivyo, na konda wa daladala akishafunga hesabu. Patana na mmoja, akuletee kila usiku, wewe umpe noti safi. Hakuna anayempunja mwenzake. Lakini mwenye duka anamwona muuza kahawa anapita kila siku dirishani kwake, anakunywa kikombe, analipa kwa sarafu! Anamwongezea zile zile atakazokwenda kuziomba asubuhi kwa fundi cherehani.

Na kabla sijasahau, pipi si hela. Mnalijua hilo vizuri, maana nimewahi kumwona mtoto kaja na pipi nne za "chenji" anataka kiberiti, akafukuzwa. Mbona zilikuwa hela jana?

Mpangilio nauongelea kwa ufupi kwa sababu wengi mnaujua ila hamuutaki. Vitu vya asubuhi viwe mahali unapovifikia bila kunyanyua mguu: boflo kulia, maziwa kwenye ndoo ya barafu miguuni au friji iliyo mgongoni, vocha mbele ya macho. Sukari ipimwe usiku, robo na nusu kwenye mifuko ya kaki, na mafuta ya kupima yawe tayari kwenye vichupa. Sabuni ya unga na dawa ya mbu zinaweza kwenda mwisho wa duka, hakuna anayevihitaji kabla ya chai. Na kile kidirisha kimoja ambacho watu saba wanaingiza mikono kwa pamoja, kila mtu "mie kwanza", weka benchi au hata kreti tupu upande mmoja, watu waingilie kushoto watokee kulia. Anayeumia kwenye msukumano ule ni mtoto aliyetumwa. Kasimama na sarafu zake kamili, kasema shikamoo mara tatu, watu wazima wanapitisha mikono juu ya kichwa chake, kisha akichelewa nyumbani anagombezwa kwamba alikuwa anacheza.

Msaidizi sasa. Hapa nakubali kwa shingo upande, maana nimeona maduka ambayo msaidizi kaongeza foleni badala ya kuipunguza. Wawili wanagongana, wote wanapokea hela, wote wanaingiza mkono kwenye droo moja, jioni hesabu haikai na mpwa wa watu anaitwa mwizi. Hela iwe na mkono mmoja tu. Mwenye duka kwenye hela, msaidizi kwenye bidhaa. Saa moja, saa moja na nusu inatosha, kijana wa mtaani unamlipa kwa asubuhi, si mtoto unayemchelewesha shule.

Lakini kazi yake kubwa si kubeba boflo. Kazi yake ni kutazama foleni na kuuliza watu wa tatu na wa nne, "Mama, wewe unachukua nini? Unalipa na noti gani?" Basi. Mama akifika dirishani kaunta ina mzigo wake na fungu lake limeshachomolewa. Akiwa na noti ya 10,000 kwa kitu cha 1,300, msaidizi amuulize pia kama ana mia tatu pembeni, ili arudishiwe elfu tisa kavu. Wengi wanazo, ila hakuna aliyewauliza. Msaidizi huyo huyo amvute yule mtoto mbele. Na wa "niandikie kwenye daftari" aambiwe kwa adabu arudi saa mbili.

Mtaniambia siku hizi kuna lipa namba. Ni kweli, haina haja ya chenji, nakubali. Lakini nimesimama nyuma ya mtu anayesubiri ujumbe wa muamala huku simu ya duka iko kwa mwenye duka nyumbani anakunywa chai. Namba iandikwe kubwa ukutani nje, mtu aanze kulipa akiwa bado wa tano, na simu ya kupokea ujumbe iwe kaunta. Vinginevyo mmebadilisha tu kitu cha kusubiria.

La mwisho, na hili ndilo linalowaua wengi bila kujua. Chenji yenu inachukuliwa alfajiri na mtu wa boflo. Anakuja kabla wateja hawajaamka, mnafungua droo, mnamlipa kwa noti za 1,000 na sarafu kwa sababu ndizo zilizo juu, na zile 10,000 za jana mnazificha chini ya sanduku kwa sababu zinapendeza. Mlipeni kwa 10,000. Mafungu yakae kwenye bati lingine kabisa ambalo halifunguliwi mpaka mteja wa kwanza agonge dirisha.