Barua kwa mchapishaji ianze na fumbo

Barua nyingi za kumwomba mchapishaji achukue mchezo wa kompyuta huanza na hadithi: ufalme ulioanguka, mtoto aliyepotea, siri ya ukoo. Naamini studio ya watu wawili yenye mchezo wa mafumbo na hadithi inajiumiza ikianza hivyo. Anayesoma barua anataka kwanza kujua mchezaji anafanya nini. Msimulieni fumbo moja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuseme mchezo wenu unahusu ugomvi wa urithi huko Lamu. Andikeni hivi: "Salim anaapa kwamba baba yake alipofariki mwezi Julai, yeye alikuwa baharini, akija Lamu kwa jahazi kutoka Maskati. Lakini katika daftari la nahodha, mchezaji ameshaona kwamba majahazi ya Arabuni huja na kaskazi, Desemba hadi Machi, na kurudi na kusi. Julai ni kusi. Mchezaji analiweka daftari juu ya kiapo cha Salim, kiapo kinafutika, na chumba cha marehemu kinafunguka."

Hapo msomaji ameona kinachoonekana, kinachofanywa, na jinsi jibu la fumbo linavyoisogeza hadithi. Ameona pia kwamba mtu asiyewahi kusikia habari za kusi anaweza kulitegua, maana dalili zote zimo ndani ya mchezo.

Swali litakalofuata ni kama mchezaji anaweza kubahatisha. Lijibuni kabla hamjaulizwa. Katika Return of the Obra Dinn, mchezo wa mwaka 2018, Lucas Pope aliliziba tundu hilo kwa kuthibitisha majibu sahihi matatu kwa pamoja, si moja moja. Nyinyi mnaweza kusema kwamba mtuhumiwa peke yake hatoshi: mchezaji lazima aoneshe na ushahidi unaomkanusha. Kisha wekeni kiungo cha demo yenye fumbo hilohilo.

Bajeti nayo iandikwe waziwazi. Watu wawili kwa dola 1,500 kila mmoja kwa mwezi, miezi 12, ni dola 36,000. Ongezeni 6,000 za muziki, tafsiri na majaribio, halafu asilimia 10 ya dharura, jumla 46,200. Mchezo ukiuzwa dola 15 na Steam ikakata asilimia 30, zinabaki 10.50 kabla ya kodi na marejesho. Mchapishaji akichukua zote mpaka fedha zake zirudi, nyinyi hamwoni hata senti hadi nakala 4,400 ziuzwe, na zitazidi hapo kukiwa na punguzo la bei.

Ndiyo maana nasisitiza muombe, katika barua hiyohiyo, asilimia 20 ya mapato hayo tangu nakala ya kwanza. Mchapishaji atarudisha fedha zake kwenye nakala ya 5,500, na nyinyi mtakuwa na cha kuishia katika miezi ya kurekebisha kasoro baada ya mchezo kutoka.