Tupa, pingu na wiki nzima ya kusubiri

Sisi tuliokua na hadithi za magazetini tunalijua neno "Itaendelea" na jinsi linavyoudhi. Nilisoma Great Expectations ya Charles Dickens ikiwa kitabu kamili, neno hilo halimo, lakini kila baada ya sura moja au mbili nilihisi mahali lilipokaa.

Dickens alikusudia kuitoa riwaya ile kwa sehemu za kila mwezi. Mwaka 1860 gazeti lake la kila wiki, All the Year Round, likaanza kukimbiwa na wanunuzi, kwani hadithi ya Charles Lever iliyokuwa ikiendelea humo iliwachosha. Akaamua kuingia mwenyewe. Sehemu 36 zikatoka, kuanzia 1 Desemba 1860 hadi 3 Agosti 1861.

Tazama mwisho wa sehemu ya pili. Mtoto Pip ameiba chakula na tupa, kifaa cha kukerezea chuma, akampelekea mfungwa aliyetoroka. Siku ya Krismasi, mbele ya wageni, dada yake anakwenda kuleta pai ambayo Pip anajua haipo. Anatimua mbio, na mlangoni anakumbana na askari wenye bunduki, mmoja amemnyooshea pingu. Hapo hapo, subiri wiki.

Wiki inafika: kumbe pingu ni mbovu, wanamtaka shemeji yake, Joe mhunzi, awatengenezee! Hila hii ni ya rahisi, na waandishi wengi wa magazeti huishia hapo, msomaji akajiona kachezewa. Dickens haachi pingu zipotee. Joe anazitengeneza, kisha yeye na Pip wanafuatana na askari kumsaka mfungwa yuleyule. Hofu haikuisha, imehama tu.

Husemwa kwamba gazeti ndilo lililozirefusha riwaya za karne ile. Kwa Mfaransa Eugène Sue ni kweli: riwaya yake, Mafumbo ya Paris, ilitoka katika gazeti la Journal des Débats tangu 1842 hadi 1843, wasomaji wakimwandikia barua, na hadithi ikatanuka. Lakini kwa Dickens naona kinyume. Sehemu za kila mwezi zilikuwa na kurasa 32, nafasi ya kuzurura. Za kila wiki zilimbana. Alishalalamika hivyo alipoandika riwaya ya Hard Times, nayo ya kila wiki, mwaka 1854.

Shida yake kubwa ilikuwa kumbukumbu ya msomaji. Mfungwa anakamatwa katikati ya Desemba, kisha anatoweka kwa miezi. Usahaulifu huo ulitibiwa kwa tupa. Katika sura ya 10, mgeni kilabuni anakoroga kinywaji chake kwa tupa ileile, huku akimtazama Pip, bila kusema neno. Mei 1861, usiku wa mvua, mzee anapanda ngazi kwa Pip, sasa kijana wa mjini. Pip anamtambua kuwa ndiye mfungwa yule, na anatuambia hapakuwa na haja ya mzee kutoa tupa mfukoni.