Barua ya Kusitisha Boksi la Vitabu Haihitaji Hasira

Boksi langu la vitabu la kila mwezi lilipochelewa kwa mara ya pili mfululizo, jirani yangu hapa Kisauni alinishauri niwaandikie wauzaji wake barua ya kuwachana. Sikukubaliana naye. Matusi hayamrudishii mtu pesa, na mteja mwenye haki huipoteza nusu yake pale anapoanza kueleza alivyoudhika badala ya kueleza walichoahidi.

Nilifungua barua pepe waliyonitumia siku niliyojiandikisha, kwa kuwa masharti yaliyonihusu ni ya siku ile, wala si yale ambayo huenda wameyabadilisha baadaye. Kifungu cha 6 kilisema kwamba boksi "litamfikia mteja kufikia tarehe 5 ya kila mwezi". Kifungu cha 9 kiliongeza kwamba likichelewa kwa zaidi ya siku 7 katika miezi miwili mfululizo, mteja anaweza kusitisha bila ya notisi ya siku 30 na kurudishiwa pesa za mwezi ambao haujaletwa. Neno lililoniokoa ni "litamfikia". Lingekuwa "litatumwa", ningekuwa sina kesi, maana wao hulikabidhi boksi kwa basi la Nairobi mapema na kuosha mikono.

Hesabu nayo ilitaka uangalifu. Boksi la Machi nililichukua Mwembe Tayari tarehe 16, lakini risiti ya ofisi ya mizigo ilionyesha kwamba lilifika tarehe 13, nami (kwa uvivu wangu) nikalilaza siku tatu. Niliandika 13. Siku 8 zilitosha, ingawa kwa siku moja tu, na kama ningeandika 16 wangelikamata kosa hilo na kulishuku kila neno langu. La Aprili lilifika tarehe 19, siku 14 baada ya ahadi.

Kiini cha barua kilikuwa hiki:

"Kwa mujibu wa kifungu cha 9, ninasitisha usajili wangu kuanzia leo, tarehe 20 Aprili. Boksi la Machi lilifika tarehe 13 na la Aprili tarehe 19. Nimeambatisha risiti zote mbili. Nililipa shilingi 7,500 za miezi mitatu, kwa hiyo naomba nirudishiwe shilingi 2,500 za Mei, na nithibitishiwe kwa maandishi kabla ya tarehe 27 kwamba boksi la Mei halitatumwa."

Ombi la mwisho si la mapambo, kwani boksi la Mei lingefika nikalipokea, wangedai kwamba nimeendelea na huduma.

Walijibu kwamba kosa ni la basi na wakanipa kitabu kimoja cha bure iwapo ningebaki. Niliwashukuru, nikawanukulia tena kifungu cha 6, ambacho hakikutaja basi. Pesa ziliingia kwenye simu tarehe 26.