Anayekataa kuhakiki mapema hajamtupa mhariri

"Jarida moja limeniomba nihakiki muswada na muhula huu sina nafasi kabisa. Nikikataa si nitaonekana mkwepaji? Na wakitaka nipendekeze wengine, nimtaje nani?"
(Mhadhiri kijana wa sayansi za bahari, Zanzibar)

Kwenye korido za vyuo hukumu hutoka haraka: aliyekataa amekimbia zamu. Hoja hiyo ina uzito, na nitaifikia, ila wengi wanaoitoa hawajawahi kukaa kwenye kiti cha mhariri. Ukimwuliza mhariri kinachomkosesha usingizi, hatakutajia waliomwambia "hapana". Atakutajia walionyamaza, na waliosema "ndiyo" halafu wakapotea.

Tuchukue muswada wa mfano kutoka fani yako. Unahusu mwani wa kotonii, ule wenye bei nzuri kuliko aina nyingine inayolimwa, spinosamu, na maradhi yanayofanya matawi yake yapauke, yalainike na kukatika maji yanapopata joto. Waandishi wamepima joto la bahari kwa misimu kadhaa, wamechambua takwimu, na wamewahoji wakulima, ambao Unguja na Pemba wengi wao ni wanawake. Mhariri anataka wahakiki wawili. Kwenye barua ya maombi umepewa kichwa cha makala na ikisiri tu, kwa sababu muswada wenyewe hufunguliwa baada ya kukubali.

Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa rekodi za majarida sita ya ikolojia na mageuko ya viumbe. Katika majarida manne kati ya hayo, mwitikio ulikuwa umeshuka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2003, kwa wastani, asilimia 56 ya maombi yalizaa ripoti ya uhakiki; mwaka 2015 zilibaki 37. Kwa kiwango cha mwanzo mhariri wetu angetuma maombi manne kupata ripoti zake mbili. Kwa kiwango cha pili atatuma matano au sita.

Wengi huitaja takwimu hiyo kuwalaumu wanaokataa. Mimi naona inatuelekeza kwingine, kwenye siku zinazopotea kati ya ombi na ombi. Tuseme mhariri hutuma maombi mawili mawili, na asipojibiwa husubiri siku kumi kabla ya kugeukia wengine. Wanne wa kwanza wakinyamaza, siku ishirini zimekwenda na muswada haujasomwa na mtu. Wanne hao hao wakikataa siku ile ile waliyoombwa, kilichopotea ni siku mbili. Idadi ya waliokosekana ni ile ile, lakini kwa mwandishi tofauti ni kubwa. Huenda ni mwanafunzi wa uzamivu ambaye chuo chake kinamdai makala iliyokubaliwa kabla ya kutetea tasnifu, na ada ya muhula mwingine inamsubiri. Na yule aliyekubali kwa aibu, akaja kujitoa wiki ya sita, amemwumiza zaidi ya wote, maana mhariri aliacha kutafuta akijua kazi imepata mtu.

Kwa hiyo kukataa mapema, kwa sababu iliyotajwa, ni huduma. Kukiambatana na majina mazuri, nusu ya kazi ngumu ya mhariri imefanyika. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, inayojulikana kwa kifupi kama COPE, inawaambia wahakiki hivyo hivyo: jibu kwa wakati hata kama huwezi, na ni vyema kupendekeza wengine, mradi uwachague kwa sifa zao, bila upendeleo wa binafsi na bila nia ya kuuelekeza muswada kwenye matokeo fulani.

Sasa upande wa pili. Makala yenye waandishi watatu inayosomwa na wahakiki wawili imemwachia kila mwandishi deni la thuluthi mbili za uhakiki. Ikikataliwa na kupelekwa jarida la pili, deni linaongezeka maradufu. Mtu anayewasilisha makala mbili tatu kwa mwaka na kukataa kila ombi anakula jasho la wenzake, hata kama barua zake za kukataa zimeandikwa kwa adabu zote. Hapa walalamikaji wana haki, na hakuna orodha ya majina inayofuta deni hilo. Muhula huu huna nafasi, sawa. Lakini kama muhula uliopita hukuwa nayo, na ule wa kabla yake pia, tatizo ni mpangilio wako.

Tena kuna kukataa kusiko na sababu. Wengi hukataa kwa kuwa hawamudu kila sehemu ya muswada. Anayejua mwani lakini si mtaalamu wa takwimu za mfululizo wa muda anaweza kukubali na kumwandikia mhariri wazi: nitapima biolojia na namna sampuli zilivyochukuliwa, sehemu ya takwimu mtafutie mwingine. Wahariri wengi hulipokea hilo kwa mikono miwili, kwa kuwa ni nadra mtu mmoja kuumudu muswada wa namna hii kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Lawama nzito zaidi ni ya majina yenyewe. Inasemwa kwamba mapendekezo ni mlango wa kupitisha marafiki, na historia inatoa ushahidi. Mwaka 2014 Journal of Vibration and Control lilifuta makala 60 kwa mkupuo, na mwaka 2017 Tumor Biology likafuta 107, baada ya kugundulika kwamba uhakiki ulikuwa umechakachuliwa. Mbinu ilikuwa kupendekeza wahakiki wenye anwani za barua pepe za uongo, ili ombi lirudi kwa wahusika wenyewe. Ila mlango uliotumiwa pale ni wa mapendekezo ya waandishi, watu wenye maslahi ya moja kwa moja. Mhakiki anayekataa kwa kawaida hapati chochote muswada ukipita wala ukianguka. Hatari kwake ni ndogo zaidi, na hutokana na uvivu: anaandika jina la kwanza linalomjia.

Jina la kwanza linalotujia karibu kila mara ni la profesa yule yule. Ripoti ya mwaka 2018 ya Publons, tovuti iliyokuwa ikitunza rekodi za uhakiki, ilionyesha kwamba karibu asilimia 10 ya wahakiki hubeba nusu ya uhakiki wote, na kwamba watafiti wa nchi zinazoinukia huombwa kwa nadra ingawa wakiombwa hukubali kwa wepesi. Yaani watu wenye nafasi na nia wapo, ila majina yao hayamfikii mhariri. Mhariri aliye ng'ambo hawezi kujua kwamba kuna mtu aliyemaliza uzamivu juzi kuhusu maradhi ya mwani huko Pwani ya Kenya. Wewe unajua, kwa sababu ulimsikiliza kwenye kongamano. Hapo ndipo anayekataa ana nguvu kuliko anavyodhani: kila anapotaja majina, au anaufunga mduara ule ule au anaufungua.

Kwa muswada wetu ningetafuta watu watatu wanaokamilishana. Mmoja anayeyajua maradhi yenyewe, na huyu si lazima awe jirani, kwani Ufilipino na Indonesia wamehangaika na kotonii muda mrefu kuliko sisi. Wa pili mtu wa takwimu za mazingira. Wa tatu kijana mwenye makala moja au mbili zake mwenyewe kwenye mada hii hii. Kisha kila mmoja nimchunguze: aliandika na waandishi hawa ndani ya miaka minne au mitano iliyopita? Yuko idara moja nao? Alimsimamia mmoja wao tasnifu? Fani ya mwani ukanda wetu ni ndogo na karibu kila mtu amewahi kuandika na kila mtu, kwa hiyo mara nyingine hutapata jina safi kabisa. Ukimtaja mwenye uhusiano, useme uhusiano huo ni upi na umwachie mhariri apime.

Kikwazo kingine wengi hawakioni. Baada ya zile kashfa wahariri huogopa anwani zisizo za taasisi, na wahadhiri wetu wengi hutumia Gmail kwa kuwa barua pepe ya chuo hukatika. Jina zuri linaweza kuachwa kwa sababu hiyo tu. Weka namba yake ya ORCID, ile inayomtambulisha mtafiti kimataifa, au elekeza kwenye makala ambapo anwani ile ile imechapishwa.

Barua yenyewe haihitaji kurefuka:

"Ndugu Mhariri, asante kwa ombi lako. Sitaweza kuhakiki muswada huu kwa kuwa nina ripoti mbili ninazodaiwa hadi mwisho wa mwezi ujao. Sina mgongano wa maslahi na waandishi. Napendekeza watu watatu. Wa kwanza amechapisha kuhusu bakteria wanaoambatana na maradhi haya na anaweza kupima sehemu ya maabara. Wa pili ni mtaalamu wa takwimu za joto la bahari. Wa tatu amemaliza uzamivu hivi karibuni kuhusu kilimo cha kotonii. Hii itakuwa miongoni mwa ripoti zake za mwanzo, hivyo ni vyema aambatane na mzoefu. Sijawasiliana na yeyote kati yao. Baada ya tarehe 1 ya mwezi wa pili naweza kupokea muswada mwingine."

Chini yake weka majina, taasisi na anwani. Ile sentensi ya kutowasiliana ina sababu. Ombi la uhakiki ni siri, na kumpigia simu mwenzako "kuna muswada wa fulani unakuja, utauchukua?" ni kuvujisha habari za waandishi, hata ukiwa na nia njema. Kumkabidhi mwanafunzi wako auhakiki kimya kimya ni kosa kubwa zaidi. Kama unamwamini, mtaje kwa jina lake, apate ombi lake na sifa zake.

Yapo mazingira ambamo ningekataa bila kutaja mtu. Ukiwa na ugomvi na waandishi, au unaandika makala inayoshindana na yao, majina yako yamebeba kivuli chako hata ukijitahidi kuwa mwadilifu. Mweleze mhariri mgongano huo, uishie hapo. Usipojua anayefaa, usijaze nafasi kwa jina la kubahatisha, kwa sababu litamla siku kumi nyingine. Na majina hayo uyatoe kama ushauri: mhariri akichagua wengine asikuudhi, huenda ana habari za waandishi ambazo ikisiri haikukuonyesha.